Silabi moja ya Al-Inkishafi

Ndugu zangu, jioni hii nina mshororo mmoja tu. Katika utenzi wa Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anausemesha moyo wake kwa Kiamu, lahaja ya Lamu:

Moyo wangu nini huitabiri
Twambe u mwelevu wa kukhitari
Huyui dunia ina ghururi
Ndia za tatasi huzandamaye

Sisi wa Dar es Salaam tukisikia "huitabiri" tunawakumbuka watu wa hali ya hewa: hutabiri mvua. Kwa sikio hilo, hu- ni ya mazoea na -i- ni dunia: moyo, kwa nini kila mara unaitabiri dunia? Lakini hu- inaweza pia kuwa ya kukanusha, kama "huendi". Kwa vitenzi vya Kibantu hatutatiziki, maana "huenda" na "huendi" hutengana kwa irabu ya mwisho. Tabiri imetoka Uarabuni na irabu yake haibadiliki. Basi hapo yaweza kuwa: mbona huifanyii dunia tafsiri, kama ndoto inavyofasiriwa?

Usomaji wa tatu unaikataa hiyo -i- kuwa dunia. Ni sehemu ya kitenzi chenyewe, kutoka Kiarabu i'tabara, kupata ibra, yaani funzo. Moyo wangu, mbona huzingatii?

Wanafunzi wangu hukimbilia "huyui", yaani hujui, wakisema ukanushi wake unamaliza ubishi. Haumalizi. Mshororo unaofuata una "huzandamaye", yaani huziandamaje, na hiyo hu- ni ya mazoea. Ingekuwa ya kukanusha tungesikia "huzandami". Majirani wawili, ushahidi unaopingana. Mizani nayo haisaidii: sita, kituo, kisha tano, vyovyote utakavyosoma.

Mimi nasimama na usomaji wa tatu, na kinachonivuta ni Kurani. Sura ya 59, aya ya 2, inataja watu wanaobomoa nyumba zao kwa mikono yao, kisha inaamuru: fa'tabiru, zingatieni, enyi wenye macho. Sasa endeleeni na utenzi mfike kwenye majumba ya Pate, mji uliobaki magofu, "nyumba kati zao huvuma mende". Ni magofu yale yale na agizo lile lile. Kwa mshairi aliyelelewa na aya hizo, siamini kwamba neno hili lilimponyoka tu.

Hata hivyo kuna kinachonikera. Katika mshororo wa pili, "kukhitari" limetokana na ikhtara, kitenzi cha umbo lile lile la i'tabara, na pale i ya mwanzo imemezwa. Kwa nini hapa ibaki? Anayempinga mwenzake kwa hoja hiyo ana haki ya kusikilizwa.

Utenzi uliandikwa kwa hati za Kiarabu, na tabiri na i'tabara ni watoto wa mzizi mmoja. Tofauti iko kwenye herufi ain: katika i'tabara inatangulia te, katika ta'biri inaifuata. Mnaosoma hati hizo, mkikutana na mswada, msianze na maana. Tazameni kwanza ain imeandikwa wapi, kisha mjue kama mwandishi wake alizoea kuiandika ain kila inapostahili au aliandika kwa kufuata sikio. Akiwa wa sikio, ain yake haitoshi kuwa shahidi, na tutarudi kwenye magofu ya Pate.