Meseji niliyomtumia supavaiza usiku trei zilipotuzidi

Haya mambo vipi familia, mko poa huko nyumbani? Leo niko chumbani kwangu tu, kazini kwetu kupiga video ndani hairuhusiwi kabisa na mimi kibarua changu bado nakipenda. Kuna dada mmoja nesi kaniandikia inbox anasema wako wawili kwenye chumba cha kutakasa vifaa vya operesheni, kazi haiishi, na kila akimwambia incharji wake anajibiwa "vumilieni". Akaniuliza nyie huko Uingereza mnaandikaje mpaka mtu anakuelewa. Nikasema hili ni la kufanyia video kabisa, maana mimi ndiyo kazi yangu hiyo hiyo, na majuzi ilibidi nimtumie supavaiza meseji usiku.

Kwa wasiojua kazi yetu, kwa kifupi. Daktari akimaliza kupasua, vile visu na mikasi na fosepsi na mambo yote yanarudi chini kwetu kwenye trei, yana damu. Upande wa uchafu mtu anayapokea, anayasuuza, anayaingiza kwenye mashine ya kuoshea, inaosha na kuua vijidudu kwa maji ya moto kama digrii 90, inachukua kama saa nzima. Yakitoka yanaingia upande wa safi, na hapo ndipo tunakaa sisi tunaofunga. Unachukua trei, una orodha yake, unahesabu kifaa kimoja kimoja, unaangalia kwa lenzi yenye taa kama kuna damu imejificha kwenye maungio ya koleo, mkasi unaujaribu kama unakata, halafu unafunga, unaweka kwenye otoklevu, ile mashine inayoua vijidudu kwa mvuke wa moto. Otoklevu inafika digrii 134, inashikilia pale angalau dakika 3, lakini msidanganyike na hizo dakika 3, maana ukijumlisha kuvuta hewa, kupanda joto na kukausha ni kama saa nzima tena. Na ikitoka usiiguse, iache ipoe nusu saa au zaidi, maana trei ya moto ukiiweka juu ya chuma cha baridi inatoa jasho ndani, na pakiti ikiwa na maji watu wa thieta, yaani chumba cha upasuaji, wanaikataa, inarudi kuanza upya toka mwanzo. Yaani umejiongezea foleni mwenyewe.

Sasa usiku huo tulikuwa watatu, mmoja upande wa uchafu na wawili mezani tunafunga. Shifti inaanza saa 4 usiku. Tunaingia tunakuta trei kubwa 45 na ndogo 60. Mchana kulikuwa na operesheni nyingi za nyonga na magoti, na hizo jamani goti moja tu linaweza kuja na trei nne tano. Mwenzangu mezani kaangalia mashelfu kaniambia andika tu kwamba tumezidiwa watuletee watu. Mimi nikamwambia ngoja kwanza tuhesabu, maana supavaiza yuko nyumbani kwake, hizo trei hazioni, neno "tumezidiwa" analisikia kila wiki kutoka kila shifti, atafanya nalo nini?

Kitu cha kwanza nilichoangalia ni foleni imekwama wapi. Hili watu wengi wanaliruka. Mashine za kuoshea tunazo tatu, zote zilikuwa zinafanya kazi, kila moja inabeba kama trei 10, kwa hiyo kuosha hakukuwa na shida. Otoklevu nazo nzima. Kilichokwama ni mikono ya mezani. Ingekuwa otoklevu ndiyo imekufa, hata ungeniletea watu kumi usiku ule wangesimama tu wakipiga stori, hapo unatakiwa uombe fundi, au uombe hospitali jirani ikutakasie.

Halafu nikapiga hesabu ya muda. Trei kubwa mtu mmoja anaifunga kwa kama dakika 20, ndogo kama dakika 6. Kwa hiyo kubwa 45 ni masaa 15 ya mtu mmoja, ndogo 60 ni masaa 6, jumla masaa 21. Sasa sisi tuna masaa mangapi? Hapa ndipo watu wanakosea, wanahesabu shifti nzima mpaka asubuhi. Thieta wanaanza saa 2 na nusu na wanataka vifaa viko juu mapema kabla ya hapo, toa muda wa kupoa, toa saa ya otoklevu, na mwisho otoklevu haimezi trei zote mara moja, kwa hiyo trei ya mwisho inabidi iwe imefungwa saa 11 alfajiri. Kuanzia saa 4 mpaka saa 11 ni masaa 7, toa mapumziko na kupokeana shifti, yanabaki 6 kila mtu. Wawili ni masaa 12. Kazi ya masaa 21, nguvu ya masaa 12.

Lakini bado sikuandika. Nikachukua ratiba ya thieta ya kesho yake nikaangalia, kati ya hizi 105 zipi zinahitajika asubuhi? Kubwa 30 na ndogo 40. Zingine ni akiba tu, seti zake nyingine zipo stoo tayari. Kubwa 30 ni masaa 10, ndogo 40 ni masaa 4, jumla 14. Kwa hiyo tatizo la kweli usiku ule lilikuwa masaa 2. Mnaona sasa? Tulianza na upungufu wa masaa 9 ambao hakuna bosi ataupatia watu saa 5 ya usiku, tukafika kwenye masaa 2 ambayo mtu anaweza kuyatafuta akayapata.

Meseji yenyewe niliandika kwa Kiingereza, nawasomea kwa Kiswahili:

"Habari ya usiku. Nahitaji uamuzi wako kabla ya saa 6. Mezani kuna trei kubwa 45 na ndogo 60. Kwa ratiba ya asubuhi zinahitajika kubwa 30 na ndogo 40, ambazo ni kazi ya masaa 14, na sisi wawili tuna masaa 12 mpaka saa 11 alfajiri. Tutapungukiwa masaa 2. Mashine zote nzima. Tumeanza na trei za operesheni za kwanza kila chumba. Naomba moja kati ya haya: mtu mmoja aje kufunga walau kwa masaa 2 kabla ya saa 11, au wewe uongee na thieta watuambie seti zipi 6 kubwa zinaweza kusubiri mchana. Zisizo za asubuhi hatutazigusa, tutawaachia shifti ya mchana na orodha yake. Nitakupa hali ilivyo saa 8 usiku."

Basi. Huku bosi unamwita jina lake la kwanza kavu kavu, mimi mpaka leo ulimi unasita, kwetu ningeanza na shikamoo na habari za watoto, lakini usiku ule nilimuacha na habari ya usiku tu.

Angalia zile 6 nimezitoa wapi, masaa 2 ni dakika 120, gawa kwa 20. Sikumuomba aje achague, nimempa namba ya kupeleka kwa watu wa thieta. Na sababu ya kupitia kwake ni kwamba mimi sina mamlaka ya kuwaambia thieta wasogeze mgonjwa. Mgonjwa gani atangulie na yupi asubiri ni uamuzi wa kitabibu, mfungaji wa trei ukiufanya kimya kimya mezani kwako siku ikiharibika hakuna wa kukutetea.

Na kuna jambo sikuliandika makusudi, yaani sikusema tutajitahidi kukimbia. Watu wanapenda sana kuandika "tutajitahidi". Dakika 20 za trei kubwa zikiwa 12 maana yake umeacha kuhesabu au umeacha kuangalia kwenye maungio. Halafu saa 3 asubuhi mgonjwa kashalala, trei inafunguliwa, damu kavu imeganda kwenye koleo, seti nzima inatupwa pembeni, wanaanza kukutafuta jina lako kwenye lebo. Lebo ina jina la aliyefunga jamani, hamna pa kujificha.

Alinijibu baada ya muda mfupi tu. Kumbe alimpigia msimamizi wa thieta, wakakuta operesheni moja ya nyonga imehamishiwa mchana na kwenye ratiba yetu ilikuwa bado haijabadilishwa. Hizo zikatoka trei kubwa 4, dakika 80 zimeokolewa bila kuleta mtu yeyote. Zikabaki dakika 40, akamuomba mama mmoja wa shifti ya asubuhi aingie saa 10 badala ya saa 12, na atoke mapema. Yule wa upande wa uchafu naye alimaliza kuosha akataka aje mezani kutusaidia, ila hajapitishwa bado kwenye kufunga, kwa hiyo tukamwachia kupanga trei kwenye otoklevu baada ya kubadili nguo na kunawa. Saa 8 nikatuma ya pili, mstari mmoja tu, zimebaki ngapi na tuko ndani ya muda au nje.

Sasa dada uliyeniandikia, kwako najua ni tofauti. Umeniambia otoklevu ni moja na umeme unakatika, na wewe na mwenzako mnafunga haraka kuliko mashine inavyomeza. Basi foleni yako haipo mezani, ipo mlangoni kwa otoklevu, na incharji ukimwambia "tuongezee mtu" anaona kabisa mtu hatasaidia kitu, ndiyo maana anakwambia vumilieni. Andika mizunguko. Kwa mfano, mashine inachukua seti 6 kwa mzunguko, mzunguko na kupoa ni saa moja na nusu, mpaka asubuhi ipo mizunguko 4, kwa hiyo seti 24, na zilizopo ni 35. Sema seti ngapi za sizarian lazima ziwe tayari muda wote, hizo ziingie mzunguko wa kwanza bila mjadala, halafu uulize kitu kimoja: zile 11 zilizobaki zipelekwe hospitali gani, au operesheni zipi zisizo za dharura zisogezwe. Na umeme ukikatika katikati ya mzunguko, huo mzunguko hauhesabiki, unarudia wote, kwa hiyo mwambie mapema kwamba ukikatika mara moja tu zinapungua 6.

Asubuhi sisi tuliwaachia wa mchana kubwa 19 na ndogo 20, nikaziandika kwenye ubao zile 4 za nyonga zikiwa juu kabisa. Wale mnaoniuliza mshahara wa hii kazi na cheti gani kinahitajika, nimeona komenti zenu zote, nitaifanyia video yake wikiendi nikiwa ofu.