Kifungu Chenye Maana Mbili: Namna ya Kuwaandikia Mawakili wa Bima

Mabibi na mabwana, nimeombwa nizungumzie barua pepe ya kuwajibu mawakili wa kampuni ya bima pale kampuni inapokataa kulipa. Nitashika mfano mmoja tu.

Mvua za Aprili 2024 tunazikumbuka. Tuseme una duka la vitambaa hapa Nairobi, na bima yako inataja mafuriko waziwazi. Maji yametoka barabarani yakaloweka mali ya shilingi 1,800,000. Kampuni inakuonyesha orodha ya yasiyolipwa: "uharibifu unaotokana na kufurika kwa matangi, mabomba au mitaro." Asesa wao ameandika kwamba mtaro wa barabarani ulijaa. Basi, hawalipi.

Wengi hukimbilia kuandika: "Kifungu kina utata, na utata humwangukia aliyekiandika." Kanuni hiyo ipo, na mahakama za Kenya huitumia. Lakini hakimu huifikia mwishoni, akishasoma mkataba mzima na kuona kwamba maana zote mbili zinaingia akilini. Nyinyi na kampuni kutokubaliana, peke yake, si utata. Ukianza na kanuni hiyo, umeonekana huna hoja nyingine.

Anza na maana yako, kama ndiyo maana ya kawaida:

"Neno 'mitaro' limewekwa pamoja na matangi na mabomba, vifaa vya jengo. Hivyo linahusu mitaro ya jengo lenyewe. Likihusu pia mitaro ya barabara, bima ya mafuriko mliyotuuzia karibu haina kitu, kwa kuwa mvua kubwa jijini hufurisha mitaro hiyo kwanza."

Hapo ndipo penye nguvu. Wakili wa upande wa pili atapata shida kueleza kwa nini mteja alipe ada ya mafuriko yasiyolipwa. Kanuni ifuate sasa, kama hoja ya akiba:

"Hata kama maana yenu inawezekana, maneno ni yenu, na mngeweza kuandika 'mitaro ya barabara'. Shaka iamuliwe kwa faida ya mteja."

Kumbusha pia kwamba wewe unathibitisha hasara imeingia ndani ya bima. Anayedai kifungu cha kutolipa ndiye akithibitishe. Ambatisha picha za alama ya maji ukutani na mlangoni, na uombe nakala ya ripoti ya asesa.

Kabla ya kutuma, uliza nani aliyeandika maneno hayo. Kama ni broka wako aliyeyatunga na kampuni ikayakubali tu, hoja ya akiba inaweza kukugeukia. Kwenye fomu ya kampuni yenyewe, hakuna tatizo.

Jambo la mwisho: watu hupenda kuandika juu "bila kuathiri haki", labda kwa sababu inasikika kisheria. Hiyo ni ya barua za kutafuta suluhu, na kwa kawaida hazionyeshwi mahakamani. Hii ya hoja unataka hakimu aisome. Ukitaka kupendekeza kiasi cha kupatana, andika barua nyingine.