Oda ya Kuzuia Hasara Si Ahadi ya Bei

Ndugu wasikilizaji, nimelisema jambo hili katika kila ukumbi nilioalikwa, na nitaendelea kulisema maadamu watu wanaendelea kuziacha roboti zao, yaani programu za kununua na kuuza sarafu, zifanye biashara huku wamelala: oda ya kuzuia hasara haikuahidi bei yoyote. Bei ikifika pale ulipoiweka, oda hiyo hugeuka kuwa oda ya soko, yaani unauza kwa bei yoyote ambayo mnunuzi aliyepo wakati huo yuko tayari kutoa.

Tarehe 15 Januari 2015, Benki Kuu ya Uswisi ilitangaza ghafla kwamba haitailinda tena bei ya chini kabisa ya faranga 1.20 kwa yuro. Katika dakika chache yuro ilishuka chini ya faranga moja. Tuchukue roboti iliyonunua yuro 10,000 kwa 1.2010 na kuweka kizuizi cha hasara kwenye 1.1950; kwa hesabu ya mwenyewe, hasara kubwa kabisa ilikuwa faranga 60. Lakini wanunuzi walikuwa wameondoa oda zao, hivyo kati ya 1.1950 na bei za chini sana hapakuwa na mtu wa kumuuzia. Tuseme oda ikatimizwa kwa 1.0300: hasara ni faranga 1,710, na kama akaunti ilikuwa na faranga 1,000, mwenye nayo sasa anadaiwa 710 na dalali wake, isipokuwa mkataba unamkinga na deni la namna hiyo.

Najua mtakalosema: basi tuweke ukomo, tukatae kuuza chini ya 1.1900. Ukomo huo unalinda bei lakini hauhakikishi kwamba utauza. Soko likiruka kutoka 1.1950 hadi 1.1000, oda yako itabaki ikisubiri juu, nawe ungali umeshika yuro zinazoendelea kushuka. Kwa hiyo mwenye oda ya soko hajui atauza kwa bei gani, na mwenye ukomo hajui kama atauza kabisa. Katika pengo la namna ile hakuna hata moja kati ya oda hizi mbili inayokuokoa; kinachokuokoa ni udogo wa kiasi ulichonunua tangu mwanzo.

Kuhusu kuingia sokoni nitasema kwa ufupi, kwa kuwa muda unaniishia. Hapo tumieni ukomo uliowekwa juu kidogo ya bei ya wauzaji, kwa sababu fursa iliyokosekana haipunguzi salio. Roboti isome kiasi kilichotimizwa kweli kabla ya kuweka kizuizi, kwani oda ya 10,000 inaweza kutimizwa 3,000 tu. Na mnapoijaribu kwa data za zamani, msiihesabie kila oda ya ukomo kuwa imetimizwa eti kwa kuwa bei iliigusa. Hesabuni zile tu ambazo bei ilizipita.