Malipo Yanayogoma: Lini Tuendelee Kujaribu, Lini Tuyaweke Pembeni

Jioni njema, wenzangu, na asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie foleni za ujumbe, lakini hiyo ni bahari, kwa hiyo nitashika kipande kimoja tu: kazi imefeli, ikarudiwa, ikafeli tena. Ni lini tuache kuirudia na tuiweke pembeni ili mtu aitazame? Nitatumia Amazon SQS, na mfano wangu utakuwa mfumo wa kupokea ada za shule kwa simu.

Mzazi analipa. Taarifa ya malipo inaingia kwenye foleni. Programu yetu inaichukua, inaiandika kwenye leja ya shule, kisha inaufuta ujumbe. Ikishindwa kuandika, haiufuti. Ujumbe unabaki umefichwa kwa muda wa `VisibilityTimeout`, ambao usipougusa ni sekunde 30, halafu unaonekana tena na kuchukuliwa upya. Foleni inahesabu umechukuliwa mara ngapi, na hesabu ikipita kikomo ulichoweka, SQS inauhamishia kwenye foleni ya pembeni, DLQ. Mpangilio wake ni huu:

```json
{
  "deadLetterTargetArn": "arn:aws:sqs:af-south-1:123456789012:ada-dlq",
  "maxReceiveCount": "3"
}
```

Itazameni hiyo 3. Ukiisoma unaona uvumilivu wa kutosha, mtu kapewa nafasi tatu. Isomeni kama muda: mara 3 kwa sekunde 30 ni dakika moja na nusu. Basi tuseme leja ya shule inazimwa saa sita usiku kwa matengenezo ya dakika 40. Kila malipo yanayoingia mwanzoni mwa hizo dakika 40 yanajaribiwa mara tatu na kutupwa pembeni kabla fundi hajamaliza hata kufungua kompyuta yake. Asubuhi mnakuta mamia ya ujumbe kwenye DLQ, karibu wote mzima kabisa, na katikati yao mmoja wenye kasoro ya kweli: mzazi ameandika namba ya mwanafunzi S1O47, akaweka herufi O mahali pa sifuri. Huo mmoja ndio uliostahili kuwekwa pembeni, na sasa hauonekani.

Dawa ya kwanza ni kurefusha subira kila jaribio linapofeli. Ukiomba sifa ya `ApproximateReceiveCount` wakati wa kupokea ujumbe, unajua hili ni jaribio la ngapi. Tuiite `n`:

```python
subiri = 30 * 4 ** (int(n) - 1)
sqs.change_message_visibility(
    QueueUrl=url, ReceiptHandle=rh, VisibilityTimeout=subiri)
```

Kikomo kikiwa 5, unasubiri sekunde 30, kisha dakika 2, kisha 8, kisha 32. Jaribio la tano linafanyika baada ya dakika 42 na nusu hivi, na leja imeshawaka. Ongezeni na sekunde chache za kubahatisha, la sivyo malipo yote yaliyofeli pamoja yatarudi pamoja na kuiangusha leja ambayo ndiyo kwanza inaamka.

Hata hivyo, kama unajua kwamba leja yote iko chini, mimi naona kuendelea kuchukua ujumbe ni kujichosha bure. Programu ikipata majibu ya 503 mfululizo, isimamishe kuchukua kabisa, iwe inagonga mlango kwa ombi dogo kila baada ya nusu dakika. Ujumbe usiochukuliwa hauhesabiwi, hivyo hakuna kitakachokwenda pembeni kwa kosa la mwingine. Unakaa palepale kwenye foleni kuu, ambako muda wa kawaida wa kuhifadhiwa ni siku 4.

Sasa turudi kwa S1O47. Huyu hata umjaribu mwaka mzima, jibu ni lilelile: hakuna mwanafunzi wa namba hiyo. Kumrudia mara tano ni kupoteza muda wa mzazi ambaye mtoto wake anasubiri getini. Kwa hiyo programu itenganishe makosa. Mtandao kukatika, 503, 429, muda wa kusubiri kuisha: hayo yanarudiwa. Umbo la ujumbe kuharibika, namba isiyofuata muundo wa shule: pembeni mara moja. Penye utata ni 404. Namba inaweza kuwa na muundo sahihi lakini mwanafunzi bado hajaandikishwa, karani ataingiza jina lake mchana. Katika mfumo huu mimi ningeipa 404 saa chache kabla ya kuiita kosa la kudumu. Ila kumbukeni, ujumbe mmoja hauwezi kufichwa zaidi ya saa 12 tangu ulipochukuliwa.

Kuna ndugu pale nyuma ameuliza amri ya kuupeleka ujumbe DLQ moja kwa moja ni ipi. SQS haina amri hiyo. Unautuma mwenyewe kwenye DLQ kama ujumbe mpya, kisha unaufuta wa kwanza, na kwa mpangilio huohuo: programu ikizimika katikati utakuwa na nakala mbili, ambalo ni tatizo dogo. Ukianza kufuta, utakuwa huna hata moja. Na njia hii ina faida nyingine. Ujumbe uliohamishwa na SQS yenyewe hauji na sababu ya kufeli. Anayeutazama asubuhi anaona malipo tu, inabidi azame kwenye logi. Ukiutuma mwenyewe, unabandika sababu: `sababu=namba_batili`, na saa ya jaribio la mwisho.

Halafu kuna suala la muda wa kuhifadhi, ambalo limewaponza wengi. Kwenye foleni ya kawaida, ujumbe uliohamishwa na SQS unabeba saa yake ya kuingia foleni kuu. Haianzi upya. Chukueni malipo ya Alhamisi saa kumi na mbili jioni kabla ya Pasaka, foleni zote mbili zikiwa na siku 4. Ijumaa Kuu ofisi zimefungwa, Jumatatu ya Pasaka pia. Jumatatu saa kumi na mbili jioni ujumbe unafutika, na Jumanne mhasibu anafungua DLQ iliyo tupu na kufurahi. Wekeni siku 14 kwenye DLQ, ndicho kikomo cha juu, na kengele ilie kwa `ApproximateNumberOfMessagesVisible` ikipita 0. Msitumie `NumberOfMessagesSent`, haihesabu ujumbe uliohamishwa na SQS yenyewe.

Kurudisha ujumbe foleni kuu ni kubonyeza kitufe tu, na hapo ndipo pa kuogopa. Ujumbe kuwa DLQ si ushahidi kwamba malipo hayakuandikwa. Pengine leja iliandika, jibu likapotea njiani, au kazi ilichukua sekunde 45 wakati ujumbe umefichwa kwa 30, ukachukuliwa na programu nyingine. Ukiurudisha, mwanafunzi anaandikiwa ada mara mbili. Leja ikatae namba ya muamala iliyokwisha kuingia. Bila ulinzi huo, kila ujumbe ulinganishwe na leja kwanza. Na hata ulinzi ukiwepo, rudisheni mmoja mmoja mwanzoni, mwone unapita.

Na S1O47 asirekebishwe na mwandishi wa programu, hata kama kila mtu anaona wazi kwamba ile ni sifuri. Huenda shule ina S1047 na S1057, na kidole kiliteleza mara mbili. Mhasibu ampigie mzazi, kisha aingize malipo kwa namba sahihi na namba ileile ya muamala, na ujumbe wa zamani ufutwe baada ya malipo kuonekana kwenye leja.