Maji ya Moto Yananuka Yai Viza? Twende Tukafungue Hita

Mbukwenyi, watazamaji! Leo nipo Ilazo, Dodoma, kwa mama mmoja anayepangisha wageni wa Bunge. Kikao kikiisha wageni wanaondoka, nyumba inafungwa wiki kadhaa, hita inabaki na maji yake. Wamerudi juzi, wanafungua koki ya moto: yai viza bafu zima.

Kabla ya kushika spana, kinga maji ya baridi kwenye glasi, toka nayo nje, unuse. Usinusie pale kwenye sinki, maana shimo la sinki nalo lina harufu zake. Halafu kinga ya moto, fanya vilevile. Yakinuka yote mawili, tatizo ni kisima au simtangi, na video hii haitakusaidia. Hapa ya baridi ni safi, ya moto... mama yangu! Basi ni hita.

Zima breka, siyo swichi ya ukutani peke yake. Pima kwa tesita. Funga koki ya baridi inayoingia kwenye hita, fungua ya moto bafuni ili hewa iingie, kisha fungua hozi na ile valvu ya usalama hapa chini. Usipoitoa valvu maji hayashuki, yenyewe inapitisha upande mmoja tu. Ndoo hiyo, kijana, sogeza! Aah, kamera imelowa. Ngoja nifute.

Tunaendelea. Kifuniko nje, waya umeshapigwa picha, themostati nje. Nati ni tano. Hii moja imeshika kutu, usiivunje kwa hasira. Mafuta kidogo, subiri, itakubali. Haya, imetoka. Sahani inashuka pamoja na koili yake, na hii hapa pembeni ndiyo anodi.

Sogeza kamera. Ikiwa mpya ni nene kama kidole gumba. Hii imeliwa mpaka waya wa katikati unaonekana. Ni ya magnesi, na kazi yake ni kuliwa yenyewe ili chuma cha tangi kisipate kutu. Sasa, inapoliwa inatoa hidrojeni. Maji ya visima vyetu huku yana chumvichumvi, na mojawapo huwa ni salfeti. Wako bakteria wasiohitaji hewa, wanaishi kwenye uchafu wa chini ya tangi, wanatumia ile hidrojeni kuigeuza salfeti kuwa gesi inayonuka. Maji yakilala wiki nzima kwenye vuguvugu, wanashiba.

Fundi mwingine atakwambia ng'oa anodi, funga bila kitu. Harufu itapungua kweli, ila tangi litaanza kuoza kutoka ndani na utanunua hita nzima. Mimi naweka ya aluminiamu yenye zinki kidogo. Haitoi hidrojeni nyingi kama magnesi, na tangi linabaki na mlinzi.

Komba hili tope la chokaa lote. Lote! Likibaki chini ya koili, pale maji hayapati joto la kutosha na wadudu wanajificha humo humo.

Sasa nisikilizeni vizuri. Gasketi. Futa ukingo mpaka uwe mkavu, weka gasketi mpya, ikae kwenye mfereji wake pande zote. Nati zikaze kwa mkono kwanza, kisha kwa spana kwa kuvuka: hii, halafu ya upande wa pili. Ukikaza moja mpaka mwisho, sahani inainama na maji yatadondokea kwenye waya. Narudia: kwa kuvuka, kidogo kidogo.

Rudisha valvu na hozi, fungua maji, acha koki ya moto wazi mpaka ikome kukohoa hewa na maji yatiririke mfululizo. Breka bado! Tangi likiwa tupu koili inaungua papo hapo. Pitisha kidole kwenye gasketi. Pakavu? Rudisha themostati, waya na kifuniko, ndiyo uwashe.

Leo themostati iweke juu kabisa, maji yafike nyuzi 70, yalale hivyo usiku mmoja. Juu ya 60 hao bakteria hawavumilii. Valvu kudondosha matone wakati huo ni kawaida. Watoto wasiguse koki, maji ya 70 yanababua mara moja. Asubuhi fungulia kila koki ya moto mpaka itoke yote, kisha shusha mpaka 60.

Harufu ikirudi hata baada ya hapo, kuna anodi ya titani inayotumia umeme, haitoi magnesi wala aluminiamu. Ni ghali, mama huyu hajaihitaji.

Anodi za aluminiamu ninazo dukani. Mje na ile ya zamani mkononi, msitume picha. Uzi wa skrubu hautofautishwi kwa macho kwenye simu.