Mbuni Sebuleni: Kutoka Punje Hadi Tunda

Ndugu wasikilizaji, wengi wanaopanda mbuni, yaani mti wa kahawa, ndani ya nyumba hushindwa kabla jani la kwanza halijatoka, kwa sababu wamepanda mbegu iliyokufa. Buni mbichi ya dukani huwa imekaa ghalani miezi mingi, na mbegu ya kahawa haivumilii kukaa. Tafuteni tunda jekundu la kahawa aina ya arabika lililochumwa wiki hii, liwe la Moshi au la Nyeri. Liminyeni, zitoke punje mbili zenye utelezi. Zilowekeni usiku kucha, zisugueni hadi utelezi uishe, kisha zianikeni kivulini siku mbili. Lile ganda jembamba linalokwaruza kama karatasi ngumu libanduliwe kwa kucha. Si lazima, ila likibaki, maji huchelewa kupenya.

Lazeni punje kwenye mchanga wenye unyevu, upande bapa chini, kina cha sentimita 1. Pakiwa na joto la nyuzi 25 hivi, ngojeni wiki sita hadi nane, na tafadhali msifukue kuchungulia! Mche huinuka umebeba punje kichwani kama njiti ya kiberiti, kisha punje hupasuka na majani mawili ya mviringo hukunjuka. Wakati huo ndio wa kuhamisha, mzizi mkuu ukiwa bado mfupi. Chungu kiwe kirefu kuliko upana wake, maana mzizi uliokunjwa siku hiyo hudumaza mti baadaye.

Dirisha la jua la asubuhi latosha. Jua la mchana likipiga kioo moja kwa moja, majani huungua mabaka ya kahawia. Gizani nako shina hurefuka, pingili zikaachana.

Mwagilieni udongo ukikauka kiasi cha pingili moja ya kidole, na maji ya ziada yatoke chini. Kuna dalili moja inayodanganya watu: jani changa linageuka njano ilhali mishipa inabaki kijani. Wengi huongeza mbolea, nayo haisaidii. Mara nyingi ni maji ya kisima yenye chokaa. Kahawa hupenda udongo wenye tindikali kidogo. Chokaa ikizidi, mizizi haiwezi kufyonza madini ya chuma. Tumieni maji ya mvua, na mkibadilisha udongo chagueni wenye mboji nyingi.

Maua huja mwaka wa tatu au wa nne, tena si kwa kumwagilia sana. Matumba ya maua yakishajitokeza kwenye makwapa ya majani, punguzeni maji wiki kadhaa, kisha mwagilieni vizuri. Baada ya siku kumi hivi hufunguka meupe, yananukia kama asumini, na hunyauka upesi. Arabika hujichavusha yenyewe, hivyo mti mmoja watosha. Kahawa aina ya robusta ikiwa peke yake haizai. Tunda huiva baada ya miezi saba hadi tisa, nalo hutoa punje mbili tu. Kikombe kimoja chataka punje kama 70. Hesabuni matunda 35.