Kutoka kibamba cha fedha hadi mkanda wa picha: fuata hatua hizi nami

Karibuni. Hapa mezani nina kibamba cha shaba kilichopakwa fedha, ukubwa wa kiganja. Pembeni yake upo mkanda wa picha, ule tuliokuwa tukiupeleka studio kusafishwa. Vyote viwili vinashika picha kwa chumvi ya fedha, ambayo hubadilika ikipigwa na mwanga. Kilichobadilika ni kile chumvi hiyo ilichowekwa juu yake, basi hicho ndicho mkitazame.

Tuanze na kibamba, kwa njia aliyoitangaza Louis Daguerre mjini Paris mwaka 1839. Kwanza kisugue kwa unga laini wa kung'arishia na tone la mafuta, halafu malizia kwa ngozi laini mpaka kiwe kama kioo cha kujitazamia. Kipulizie pumzi. Ukungu ukikaa kwa mabaka, bado kuna uchafu, rudia.

Hatua ya pili hufanyika kwenye mwanga hafifu. Kilaze kibamba kifudifudi juu ya sanduku lenye chembe za aidini. Mvuke wake unaungana na fedha, na rangi inaanza kutembea: njano iliyopauka, kisha njano ya dhahabu, kisha waridi. Chungulia mara kwa mara. Daguerre alisimama kwenye dhahabu, nasi tusimame hapo.

Sasa kiingie kwenye kamera. Hapa unahitaji subira, maana mwanga lazima uingie kwa dakika kadhaa. Itazameni picha hii ya barabara ya Boulevard du Temple, aliyoipiga Daguerre mwaka 1838. Barabara ile ilijaa watu na magari ya farasi, lakini hapa inaonekana tupu, kwa sababu aliyekuwa akipita hakukaa mahali pamoja muda wa kutosha kuacha alama. Angalieni kona ya chini kushoto: mtu amesimama, mguu mmoja juu, anang'arishiwa viatu. Huyo alitulia, akabaki. Kila nikiitazama picha hii, macho yangu humwendea yeye kwanza.

Ukikitoa kibamba hutaona kitu. Wakati ule walikiweka juu ya zebaki iliyopashwa moto kama nyuzi 75, na mvuke ukang'ang'ania sehemu zilizopigwa na mwanga, zikawa nyeupe. Hatua hii siwaonyeshi, nanyi msiijaribu nyumbani, kwani mvuke wa zebaki ni sumu. Mwishoni walikiosha kwa dawa ya kuondoa chumvi iliyobaki, picha isiendelee kubadilika. Usiiguse kwa kidole: inafutika kama unga wa bawa la kipepeo. Na ni moja tu. Ukitaka ya pili, unapiga upya.

Mwaka 1851 Mwingereza Frederick Scott Archer alihamishia chumvi ile kwenye kioo, ndani ya utomvu uitwao kolodioni. Kioo kikatoa nakala nyingi za karatasi, lakini kilitakiwa kupigwa na kusafishwa kikiwa bado kibichi, kwa dakika chache tu. Ndiyo maana mpiga picha wa safari alibeba hema la giza. Mwaka 1871 Richard Leach Maddox alitumia jelatini badala yake, na vioo vikavu vikawezekana. Unakiandaa leo, unakipiga mwezi ujao. Uzito na kuvunjika vikabaki.

George Eastman wa Rochester, Marekani, alijaribu karatasi, kwa kuwa inakunjika. Tatizo lake ni kwamba ukichapa picha, nyuzi za karatasi nazo zinatokea. Basi kati ya karatasi na tabaka la picha akaweka jelatini inayoyeyuka. Kamera yake ya Kodak ya mwaka 1888 ilitumia mkanda huo: picha 100, bei dola 25. Ukimaliza, unarudisha kamera nzima kiwandani na dola 10. Huko picha ilibandikwa kwenye kioo, maji ya moto yakalegeza jelatini, karatasi ikabanduliwa. Kazi hiyo ilifanywa kwa kila picha, taratibu, isije ikachanika.

Mwaka 1889 ukaja mkanda unaopitisha mwanga. Mkemia wa Eastman, Henry Reichenbach, aliyeyusha nitroselulosi, yaani pamba iliyotiwa asidi, ikamwagwa juu ya meza ndefu za kioo, ikakauka, ikapakwa chumvi ya fedha, ikakatwa vipande virefu. Hakuna tena kubandua. Mchungaji Hannibal Goodwin alikuwa ameomba hataza ya mkanda wa namna hiyo tangu 1887, akaipata 1898. Kesi juu ya hataza hiyo iliisha mwaka 1914 kwa kampuni ya Eastman kulipa dola milioni 5, Goodwin akiwa ameshafariki.

Mkanda ule ulikuwa na kasoro moja kubwa: unashika moto upesi sana. Kama nyumbani kuna filamu za kabla ya miaka ya 1950, zinuse kwa mbali. Zikitoa harufu kali, zimegeuka kahawia na zinanata, ziweke mbali na moto na jua, na msizirundike kwenye bati lililofungwa.